P2 na saa 72: kidonge kinachokimbizana na yai

Makala hii imetokana na maswali yanayojirudia kila tunapozungumzia afya ya uzazi hewani. Simu zinazopigwa kutoka Masieda, Yaeda, Dongobesh na upande wa Hanang huwa na swali moja lenye sura nyingi. Dada mmoja anauliza: "Nilikunywa P2 siku ya tatu, ndani ya muda, mbona nimeshika mimba?" Mwingine anasema amekunywa mara nne na haijawahi kumwangusha. Na kaka mmoja, ambaye sauti yake ilionyesha yuko barabarani na pikipiki, aliuliza kama anaweza kununua mapema na kumwekea mwenzake ndani, "maana huku kwetu mvua ikinyesha hakuna kwenda dukani."

Wote watatu wanagusa jambo lile lile: muda. Jina la P2 limefika kila kijiji, na pamoja na jina imefika habari ya saa 72. Kisichofika ni maelezo ya kwamba hizo saa 72 zinahesabiwa kutoka wapi, na kwa nini mtu anaweza kuwa ndani yake na bado kidonge kisimsaidie.

Sababu moja ya elimu hiyo kuchelewa si siri. Mwezi Septemba 2018, Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, akiwa ziarani Meatu mkoani Simiyu, aliwaambia wananchi kwamba wanaotumia uzazi wa mpango ni wavivu wa kulea. Siku chache baadaye wizara ya afya ilisimamisha matangazo ya uzazi wa mpango yaliyokuwa yakirushwa redioni na kwenye televisheni. Huduma zenyewe hazikufungwa kwenye zahanati, lakini mazungumzo ya hadharani yalipoa. Dawa haikuacha kuuzwa. Ikaendelea kupita mkononi, na maelezo yake yakapita mdomoni, kutoka kwa shoga hadi kwa shoga, kutoka kwa muuza duka hadi kwa kijana aliyetumwa. Ukiangalia takwimu za utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022, wasichana 22 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshapata ujauzito. Hawa ndio wanaonunua P2 kwa haraka na bila kuuliza, kwa sababu kuuliza kunaonyesha sura.

Nani anasubiri nani

Watu wengi wanafikiri mimba inaingia palepale, usiku uleule. Kumbe sivyo. Baada ya tendo, mbegu za kiume huingia kwenye mfuko wa uzazi na kupanda hadi kwenye mirija, na zikikuta mazingira mazuri zinaweza kukaa hai humo hadi siku tano. Zinasubiri yai. Yai lenyewe halina subira hiyo. Likishatoka kwenye kokwa la uzazi la mwanamke, linaishi saa 12 hadi 24 tu, kisha linakufa.

Kwa hiyo siku ambazo mwanamke anaweza kushika mimba katika mwezi mzima ni kama sita: siku tano kabla yai halijatoka, na siku yenyewe linapotoka. Siku nyingine zote, mbegu zikija hazimkuti mwenyeji.

Yai hutoka lini? Kwa kawaida siku kama 14 kabla ya hedhi inayofuata. Tafadhali angalia maneno hayo vizuri: kabla ya hedhi inayofuata, si baada ya hedhi iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hutoka kama siku ya 14. Mwenye mzunguko wa siku 35, kama siku ya 21. Na mwili haufuati kalenda ya ukutani. Kuumwa, kufanya kazi nzito, kunyonyesha, kuhangaika na maisha, vyote vinaweza kusogeza siku hiyo mbele au nyuma. Ndiyo maana hata mwanamke anayehesabu vizuri anaweza kukosea kwa siku mbili tatu.

Sasa yai linatokaje? Ndani ya kokwa la uzazi kuna kifuko kidogo chenye maji kinachokua siku hadi siku, yai likiwa ndani. Kifuko kikikomaa, kinafikia upana wa kama milimita 20, karibu na ukubwa wa harage kubwa. Wakati huo ubongo unatuma homoni moja kwa wingi, wataalamu wanaiita LH, nasi tuiite amri ya kupasuka. Amri hiyo ikianza kupanda kwenye damu, kama siku moja na nusu baadaye kifuko kinapasuka na yai linatoka.

Hapa ndipo P2 inapofanya kazi, na ni hapa tu. Dawa iliyomo inaitwa levonojestreli. Ni homoni iliyotengenezwa kiwandani, ya jamii moja na ile iliyomo kwenye baadhi ya vidonge vya kila siku vya uzazi wa mpango na kwenye aina mojawapo ya vijiti. Ikiingia mwilini kwa wingi kabla ubongo haujatoa amri ya kupasuka, inauzuia au kuuchelewesha. Kifuko kinabaki bila kupasuka kwa siku kadhaa. Mbegu zilizokuwa zinasubiri kwenye mirija zinasubiri, zinachoka, zinakufa. Yai likija kutoka baadaye halimkuti mtu.

Lakini amri ikiwa imeshatoka, kidonge hakina uwezo wa kuirudisha. Na yai likiwa limeshatoka, au mimba ikiwa imeshatunga, hakifanyi chochote. Hakitoi mimba. Mama aliyekunywa P2 bila kujua kuwa tayari ni mjamzito hajaitoa na wala hajamdhuru mtoto. Jambo hili linabishaniwa sana kwenye vijiwe, lakini kitaalamu halina utata mkubwa. Watafiti wa Chile waliwafuatilia wanawake waliokunywa dawa hii, wakiwapima damu na kuangalia mayai yao kwa mashine ya utrasaundi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Wanawake 103 waliokutana na mwanaume katika siku za hatari na kunywa dawa kabla yai halijatoka, hakuna hata mmoja aliyeshika mimba, ingawa kwa hesabu zilitarajiwa mimba 16. Wanawake 45 waliokunywa siku yai lilipotoka au baada yake walipata mimba 8, wakati zilizotarajiwa zilikuwa karibu 9. Maana yake, kwa kundi la pili ilikuwa kama hawakunywa kitu. Kama dawa ingekuwa inaharibu mimba changa, kundi la pili lisingepata mimba nyingi hivyo.

Kalenda ya dada mmoja

Tuchukue mfano. Si mtu wa kweli, ni mfano tu, lakini siku zake ni kama za wengi. Dada anaishi Masieda, mzunguko wake ni wa siku 28 na haubadiliki sana. Hedhi yake imeanza Jumamosi tarehe 1. Hedhi inayofuata inategemewa Jumamosi tarehe 29, kwa hiyo yai litatoka karibu na Ijumaa tarehe 14. Tuseme mwezi huu litatoka Ijumaa usiku. Amri ya kupasuka basi itaanza kupanda Alhamisi asubuhi. Yeye hajui hayo, na hakuna anayeweza kuyajua kwa kujitazama.

Jumanne tarehe 11, saa 3 usiku, kondomu inapasuka. Saa 72 zake zitaisha Ijumaa tarehe 14, saa 3 usiku.

Akipata P2 Jumatano saa 4 asubuhi, zimepita saa 13. Ubongo haujatoa amri. Kidonge kinafika kikiwa na kazi ya kufanya, na ana nafasi nzuri kwamba yai litachelewa. Nasema nafasi nzuri, si hakika, kwa sababu kifuko kinavyozidi kukomaa ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu kuzuilika.

Sasa tuseme Jumatano hakupata. Duka la dawa lililo karibu halina, au anayeuza ni shemeji yake na anaona aibu. Alhamisi mvua imenyesha na bodaboda hawapiti. Anapata Ijumaa saa 12 jioni. Hesabu saa: 69. Yuko ndani ya muda ulioandikwa kwenye kijikaratasi. Lakini amri ilitoka tangu Alhamisi asubuhi, na usiku huohuo yai linatoka na kukuta mbegu za Jumanne bado ziko hai. Amekunywa dawa halali, kwa wakati ulioruhusiwa, na anashika mimba. Huyu ndiye dada aliyetupigia simu.

Sasa geuza. Tuseme kondomu ilipasuka Alhamisi tarehe 20. Yai lilishatoka tarehe 14 na lilishakufa. Dada anakunywa P2 tarehe 23 jioni akiwa anatetemeka, hedhi inakuja karibu na tarehe 29, anamshukuru Mungu na kuwaambia wenzake kwamba hata siku ya tatu inafanya kazi. Ukweli ni kwamba hata asingekunywa asingeshika mimba. Sifa nyingi za P2 zinapatikana kwa njia hii, kutoka siku ambazo hakukuwa na hatari yoyote.

Ndiyo sababu mbio si za kufika kabla ya saa 72. Mbio ni za kulitangulia yai, na kwa kuwa huoni yai liko wapi, kila saa unayochelewa unacheza bahati nasibu.

Namba ya 72 ilitoka wapi? Ilitoka kwenye majaribio. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya jaribio kubwa lililowahusu karibu wanawake 2,000 wa nchi mbalimbali, wote wakiwa wamepata dawa ndani ya siku tatu. Kati ya kila mimba 100 ambazo zingetokea, waliokunywa ndani ya saa 24 waliepushwa 95. Waliokunywa siku ya pili, 85. Siku ya tatu, 58. Wataalamu wa baadaye wamesema huenda namba hizo ni za juu kidogo kuliko hali halisi, lakini mwelekeo wake unaeleweka ukishajua habari ya yai: kadiri siku zinavyopita, ndivyo wanawake wengi zaidi wanavyokuwa wameshapitwa na amri ya kupasuka. Hakuna mlango unaofungwa saa ya 73. Shirika hilo linasema kidonge kinaweza kunywewa hadi siku tano, ila nguvu inazidi kupungua. Anayekuja siku ya nne asifukuzwe, lakini asiambiwe yuko salama.

Jinsi ya kunywa, na mambo yanayoharibu

Jina P2 limetokana na dawa iliyozoeleka iitwayo Postinor-2, na ile mbili ni vidonge viwili. Kila kimoja kina miligramu 0.75. Zamani mtu aliambiwa ameze kimoja, asubiri saa 12, ameze cha pili. Maelekezo hayo bado yanasikika madukani. Leo ushauri ni kumeza vyote viwili kwa pamoja, jumla miligramu 1.5. Matokeo ni yaleyale, na hakuna wa kusahau cha pili. Pakiti nyingine zina kidonge kimoja tu chenye miligramu 1.5, na hicho kinatosha peke yake. Angalia namba kwenye pakiti kabla hujaanza kugawana na mwenzako. Tumesikia wanaogawana pakiti moja, kila mtu kidonge kimoja cha 0.75. Hapo wote wawili wamekunywa nusu dozi.

Wapo wanaopata kichefuchefu. Ukitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, dawa imetoka na unahitaji dozi nyingine. Ukitapika baada ya hapo, imeshaingia. Maumivu ya kichwa, matiti kuuma, matone ya damu katikati ya mwezi, haya hutokea na hupita. Damu hiyo ya matone wengine huiita hedhi na kusema mambo yameisha. Usiihesabu kuwa ni hedhi.

Lipo jambo ambalo huku kwetu linahitaji kusemwa kwa sauti. Wilaya ya Mbulu inajulikana hata nje ya nchi kwa utafiti wa kifafa uliofanyika kwa miaka mingi katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kwa sababu ugonjwa huo, pamoja na ule wa mabuu ya tegu wa nguruwe kuingia kwenye ubongo, umewagusa watu wengi hapa. Baadhi ya dawa za kifafa, kama fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini, zinalifanya ini liunguze homoni haraka kuliko kawaida. Mwanamke anayezitumia akinywa P2, kiasi kinachobaki kwenye damu ni kidogo na huenda kisitoshe. Hali ni hiyohiyo kwa anayetumia rifampisini ya kifua kikuu, na kwa anayetumia efavirenzi miongoni mwa dawa za kufubaza virusi. Dawa mpya ya virusi ambayo wengi wamehamishiwa, dolutegraviri, haina shida hiyo. Mwenye kutumia dawa hizo amwambie mhudumu wazi. Kwa baadhi ya nchi mwongozo unaruhusu dozi mara mbili, yaani miligramu 3, lakini njia iliyo bora kwake ni kitanzi, tutakachokieleza hapa chini. Usiache dawa ya kifafa au ya kifua kikuu ili P2 ifanye kazi. Athari ya dawa hizo kwenye ini inabaki kwa wiki kadhaa hata ukiziacha, kwa hiyo utapata degedege bila faida yoyote.

Wanawake wenye uzito mkubwa sana nao wameonekana kushika mimba zaidi baada ya kidonge hiki kuliko wenzao. Wanaonyonyesha wanaweza kunywa.

Siku zinazofuata kidonge

Turudi kwa dada yetu wa tarehe 11, yule aliyewahi Jumatano asubuhi. Yai lake lililokuwa litoke tarehe 14 limesogezwa. Tuseme sasa litatoka tarehe 19. Jumatatu tarehe 17 anakutana tena na mwenzake, bila kinga, akiamini P2 ya wiki iliyopita bado inamlinda. Mbegu za tarehe 17 zinalisubiri yai la tarehe 19. Anashika mimba, na anapofika zahanati anasema P2 imemwangusha. P2 ilifanya kazi yake. Ilichelewesha yai, na kwa kuchelewesha, ikazisogeza siku za hatari mbele.

Kosa hili ndilo naliona kubwa kuliko yote, na halisemwi madukani. Muuzaji anasema "umeze sasa hivi," mteja anapokea chenji, mazungumzo yamekwisha. Baada ya kidonge, tumia kondomu mpaka hedhi ije, au anza njia nyingine siku hiyohiyo. Sindano, vijiti na vidonge vya kila siku vyote vinaweza kuanzishwa mara tu baada ya P2, kwa kutumia kondomu siku saba za kwanza wakati njia hiyo inajijenga mwilini.

Hapo pia kuna jibu kwa yule anayesema amekunywa mara nne. Hakuna ushahidi kwamba P2 inaua kizazi au inajaza sumu tumboni, na atakayehitaji dozi ya pili mwezi uleule asinyimwe. Ila kama umegeuza kidonge cha dharura kuwa njia yako ya kawaida, mzunguko wako utavurugika kiasi kwamba hutajua tena siku ipi ni ipi, na kila mara unarudia ile bahati nasibu ya kulitangulia yai. Sindano ya miezi mitatu au kijiti havina bahati nasibu hiyo, kwa sababu vinakuwapo kabla ya tendo.

Kwa aliyechelewa

Dada aliyefika Ijumaa jioni, saa ya 69, hakuwa amekosa kila kitu. Kuna kitanzi cha madini ya shaba, ambacho wengine wanakiita lupu. Kikiwekwa ndani ya siku tano baada ya tendo, kinazuia mimba kwa zaidi ya wanawake 99 kati ya 100. Hakisubiri amri ya ubongo wala hakicheleweshi yai. Shaba inayotoka polepole ni sumu kwa mbegu za kiume na kwa yai, kwa hiyo kinafanya kazi hata pale kidonge kilipochelewa. Pia mwenye dawa za kifafa au kifua kikuu hana haja ya kuhofia, kwa kuwa kitanzi hakina homoni. Kikishawekwa kinaweza kubaki kwa miaka na kuendelea kuzuia mimba.

Kwa dada wa mfano wetu, siku tano zinaisha Jumapili tarehe 16 saa 3 usiku. Tatizo ni kwamba kitanzi kinahitaji mhudumu aliyefundishwa na vifaa safi, na si kila zahanati inaye mhudumu huyo kila siku. Mwisho wa wiki ndio mgumu zaidi. Kwa hiyo ukifika zahanati Ijumaa na hakuna wa kukuwekea, uliza palepale ni kituo kipi cha afya au hospitali ipi inaweka wikendi. Usisubiri Jumatatu, kwa sababu Jumatatu kwa hesabu hii ni siku ya sita.

Wakati P2 haipo kabisa dukani, mhudumu anayejua anaweza kutumia vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango kwa idadi maalumu. Nguvu yake ni ndogo kuliko P2 na kichefuchefu chake ni kikubwa. Idadi inategemea aina ya kidonge, na ndani ya pakiti mara nyingi kuna vidonge ambavyo havina dawa kabisa, kwa hiyo usikisie nyumbani.

Na yule kaka wa pikipiki? Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Kuwa na dozi nyumbani kabla ya masika hakuna ubaya, mradi pakiti haijafunguliwa, tarehe ya mwisho haijapita, na haikai juu ya bati la moto wala kwenye unyevu. Mahali ambapo barabara inajifunga siku mbili, dozi iliyo ndani inaweza kuwa tofauti kati ya saa ya 2 na saa ya 50. Ila kaka, mwenzako ndiye anayemeza. Mweleze yote uliyosoma hapa, na umuulize kama ana dawa nyingine anazotumia.

Kwa aliyebakwa, saa zinahesabiwa kwa namna nyingine. Dawa ya kumkinga na virusi vya ukimwi nayo ina kikomo cha saa 72, na yenyewe ni bora ianze ndani ya saa chache. P2 haikingi virusi wala magonjwa ya zinaa. Nenda kituo cha afya au hospitali kwanza, usioge wala kufua nguo ulizokuwa nazo kama inawezekana, na ueleze kilichotokea ili upewe dawa zote mbili kwa pamoja. Fomu ya polisi, ile PF3, inahitajika kwa ajili ya kesi, lakini matibabu ya dharura hayapaswi kuisubiri. Baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja. Kwa mtoto, namba ya bure ni 116. Maswali mengine ya afya unaweza kuyauliza kituo cha simu cha Wizara ya Afya kwa namba 199.

Baada ya kumeza P2, hedhi inaweza kuwahi au kuchelewa kwa siku chache, na hilo ni la kawaida. Ikichelewa zaidi ya siku saba kupita tarehe uliyoitegemea, pima mimba. Kama hujui tarehe zako, pima wiki tatu baada ya tendo. Kupima siku mbili baada ya kidonge ni kupoteza hela, kwa sababu mkojo hauna cha kuonyesha bado. Ukipata maumivu makali ya tumbo upande mmoja chini ya kitovu, pamoja na hedhi iliyochelewa au matone ya damu na kizunguzungu, usisubiri kupima. Huenda mimba imetunga kwenye mrija, na hiyo inahitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji siku hiyohiyo.